Kikao cha saa nne na mteja mkubwa kimekwama: usogeze saa, ubadilishe siku, umtume mwenzako, au mkutane mtandaoni?

Mteja mwenyewe ni mzee mwenye kiwanda cha kukamua alizeti Singida. Kampuni yenu iko Dodoma, mtaa wa Kisasa, na saa 4:00 asubuhi ya leo mlikubaliana akae nanyi mmalize habari ya mtambo mpya: ukubwa wake, umeme utakaohitaji, bei, na awamu za malipo. Saa 12:40 asubuhi simu inaita. Ni mhandisi wenu, ndiye aliyepiga hesabu zote. Mtoto wake amelazwa usiku na hawezi kutoka hospitali kabla ya mchana.

Hapo kikao kama kilivyopangwa hakipo tena. Zimebaki njia nne, na kila moja ina wakati wake: kusogeza saa siku hiyohiyo, kuhamishia siku nyingine, kumtuma mtu mwingine ashike nafasi ya mhandisi, au kukutana mtandaoni. Wengi huchagua ile inayowapunguzia aibu wao wenyewe. Mimi nashauri uanze upande wa pili wa meza.

Tutazipima hizo nne kwa mambo manne.

Kwanza, mteja ameshatumia nini mpaka dakika hii? Anayetoka mtaa wa pili amepoteza kidogo. Anayetoka Singida ana kilomita kama 240 za lami, na ili awahi saa nne lazima awe ameondoka alfajiri. Huenda pia amemwita mhasibu wake, au amemwomba mwanawe afunge duka waje wote.

Pili, ni kitu gani hasa kimekosekana mezani? Hapa watu huteleza, kwa sababu wanasema "mhandisi hayupo" wakati kilichokosekana ni majibu mawili au matatu ambayo mhandisi anayo. Yaandike kwenye karatasi. Kwa mfano huu ni mawili: je, umeme wa fezi tatu uliopo kiwandani unatosha mota mpya, na je, mtambo mdogo utahimili msimu mzima? Bei na awamu za malipo hazimngoji mhandisi.

Tatu, uamuzi wa mteja una mwisho lini? Alizeti ya kanda ya kati huanza kuvunwa kuanzia mwezi wa 5. Mzee anayetaka mtambo usimame kabla magunia hayajaanza kuingia hana wiki za kuchezea.

Nne, muda mpya utausimamia? Mteja husamehe kuahirishwa mara moja, kila mtu ana dharura. Ukimwahirisha mara ya pili anaanza kukuhesabia, na sababu yako ya mara ya kwanza, hata kama ilikuwa ya kweli kabisa, inaonekana ya uongo.

### 1. Kusogeza saa, siku hiyohiyo

*Kinachomgharimu mteja.* Kama yuko njiani tayari, ni saa chache za kungoja. Kama yuko mjini, pengine hapotezi kitu. Kwa aliyetoka mbali, hesabu ya kweli iko kwenye kurudi: kikao cha saa 8:00 mchana kikimalizika saa 10:00, atafika Singida usiku, na kuna watu wa umri wake ambao hawapendi kabisa kuendesha gari usiku katika barabara ya malori. Muulize kabla hujapendekeza.

*Inapoharibika.* Inaharibika pale unapotoa saa ya matumaini. Mhandisi anasema "nikichelewa sana, saa sita nitakuwa hapo", nawe unamwambia mteja saa sita. Daktari anachelewa kupita wodini, saa sita na nusu unapiga simu ya pili. Ukiambiwa saa sita, mwambie mteja saa nane. Ile nafasi ya katikati ndiyo inayokulinda, na mhandisi akiwahi mnapitia hesabu pamoja kabla ya mgeni.

Jambo jingine ni hizo saa za katikati zenyewe. Ukimwacha mzee anazunguka mjini na funguo za gari mkononi, umesogeza saa lakini hujamjali. Awe na pa kukaa, na kitu cha kupitia.

Kama mteja ni ofisi ya serikali pale Mtumba, kumbuka saa za kazi zinaisha 9:30 alasiri. Kikao cha saa nane kinawaachia saa moja na nusu tu, na wengine watakuwa wanaangalia basi la watumishi. Ijumaa mchana nayo iache kwa sababu ya swala.

*Inamfaa nani.* Anayekosa kitu ambacho kina saa ya kupatikana leo, na mteja ambaye ameshatoka nyumbani.

### 2. Kuhamishia siku nyingine

*Kinachomgharimu mteja.* Kwa aliye ofisini kwake ni nafasi tu katika ratiba. Kwa aliye barabarani ni safari ya bure, mafuta na siku nzima, na hiyo haifutwi kwa pole.

*Inapoharibika.* Inaharibika kwa neno "nitakujulisha". Kuahirisha bila tarehe mteja hukusikia kama kufuta, hasa mteja ambaye washindani wako pia wanampigia. Taja siku mbili na saa, achague: "Alhamisi saa 4:00 asubuhi, au Jumatatu saa 3:00 asubuhi." Usimpe tano. Ukimpa tano unamwonyesha wiki yako ilivyo tupu, tena unamtwisha kazi ya kupanga.

Kwa Dodoma kuna kalenda nyingine ya kuangalia kabla hujataja tarehe, nayo ni ya Bunge. Kuanzia Aprili hadi Juni, wakati wa Bunge la bajeti, maofisa wa wizara wanaitwa ghafla, na mteja wa mkoani anayehitaji kulala mjini anahangaika kupata chumba. Mwishoni mwa Juni mwaka wa fedha wa serikali unafungwa, na mkurugenzi aliyekupa Jumanne anaweza asiwe na Jumanne tena. Katika miezi hiyo, nafasi uliyonayo leo ina thamani kuliko ile unayodhani utaipata wiki ijayo. (Kama kilicho mbele yenu ni tarehe ya mwisho ya zabuni kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa umma, makala hii haikuhusu. Tarehe hiyo haisogezwi kwa simu yako.)

*Inamfaa nani.* Aliyekosa kitu ambacho hakitapatikana leo kwa njia yoyote, na mteja ambaye bado hajaondoka.

### 3. Kumtuma mwenzako

*Kinachomgharimu mteja.* Muda wake haupotei, kikao kiko palepale. Kinachoweza kuguswa ni heshima. Mzee aliyezoea kuongea na mkurugenzi akimkuta kijana aliyeajiriwa mwaka jana, atakunywa chai, atasikiliza kwa adabu, na hataamua chochote. Hatakwambia kwamba amekwazika. Utajua siku utakapompigia ukaambiwa "bado tunatafakari".

*Inapoharibika.* Kuna mahali pawili. Pa kwanza ni mlangoni: mwakilishi asiwe habari mpya. Mpigie mzee mapema, mtaje mwenzako kwa jina na kazi yake, na useme ana mamlaka gani. "Bwana huyu ndiye anayesimamia ufungaji wa mitambo yetu yote" inatosha. Pa pili ni kwenye bei. Mteja akiomba kupunguziwa, mwenzako akijibu "ngoja nimpigie bosi" mara tatu, kikao kimekufa. Kabla hajaingia mpe karatasi ndogo yenye mistari mitatu: bei ya chini asiyoruhusiwa kuivuka, awamu za malipo anazoweza kukubali, na maswali asiyopaswa kuyajibu. Huo mstari wa tatu ndio wengi huusahau. Kwa mfano wetu, asithubutu kusema "umeme utatosha, mzee, usijali". Aseme: "Hilo ni la mhandisi, leo jioni utakuwa na jibu lake kwa maandishi." Mota ikishindwa kuwaka baada ya kufungwa, neno la kwanza litakaloletwa mezani ni hilo la "usijali".

*Inamfaa nani.* Kampuni ambayo mteja anawajua watu wake zaidi ya mmoja, na kikao ambacho sehemu yake kubwa haimtegemei aliyekosekana. Haikifai kikao cha kwanza kabisa na mteja mpya, wala kikao cha kusuluhisha malalamiko. Mtu aliyekasirika akitumiwa mwakilishi anajiona amedharauliwa.

### 4. Kukutana mtandaoni

*Kinachomgharimu mteja.* Karibu hapotezi chochote, akiwa amekaa pake. Aliye kwenye gari kati ya Manyoni na Bahi hawezi.

*Inapoharibika.* Mtandao ukikatika wakati mzee anauliza habari ya bei, mtapiga kelele za "unanisikia?" mpaka mchoke. Lakini kuna kosa jingine la kimyakimya. Akaunti ya bure ya Zoom hufunga kikao baada ya dakika 40, na Google Meet ya bure hufunga baada ya dakika 60 mkiwa watatu au zaidi. Fikiria mhasibu wa mteja yuko katikati ya hoja yake, skrini inazima. Hutapata namna ya kueleza ikaonekana ulijipanga. Ama ulipie, ama upange kikao cha dakika 30 na useme hivyo tangu mwanzo.

Karatasi zitangulie pia. Mchoro wa mtambo unaoonekana vizuri kwenye kompyuta yako hausomeki kwenye simu ya mkononi ya mzee. Mtumie PDF saa moja kabla, na kurasa zipewe namba, ili useme "tufungue ukurasa wa 3" badala ya "hapo juu kidogo, hapana, chini".

Mhandisi aliye hospitalini anaweza kujiunga kwa simu dakika 15 akiwa kwenye korido ya hospitali, hata kama hawezi kuondoka. Ila muulize kama moyo wake uko huko. Mtu anayemsikiliza daktari kwa sikio moja si wa kumweka mbele ya mteja.

*Inamfaa nani.* Mteja aliyezoea vikao vya mtandaoni, mwenye mtandao wa uhakika, na kikao cha kuthibitisha mambo ambayo tayari mmeshayajadili uso kwa uso.

### Namna ya kumwambia, kwa njia yoyote uliyochagua

Simu kwanza, maandishi yafuate. Ujumbe wa WhatsApp wenye tiki moja ya kijivu si taarifa, na kwenye barabara ndefu mtandao wa data hupotea sehemu ambazo simu ya kawaida na meseji bado zinapenya. Simu isipopokelewa mara mbili, tuma meseji fupi ya kawaida, kisha mpigie anayesafiri naye au dereva wake. Kwa mkurugenzi wa serikali, anza na katibu muhtasi. Ndiye mwenye shajara, na ukimruka unaweza kupewa muda na bosi ambao yeye ameshampa mtu mwingine.

Lakini kabla hujapiga, uwe umeshamaliza kuamua. Dakika kumi za kumpigia mhandisi, kuhakikisha chumba, na kuchagua saa mpya zinafaa kuliko kumwahi mteja ukiwa na kigugumizi. Tofauti ya aliyejipanga na asiyejipanga mteja anaisikia katika sentensi ya pili: wa kwanza ana saa mpya, wa pili bado anaomba radhi.

Maneno yenyewe yanaweza kuwa hivi:

"Shikamoo mzee. Habari za safari? Mzee, nimekupigia mapema kuhusu kikao chetu cha saa nne. Mhandisi aliyepiga hesabu za mtambo ana mgonjwa hospitali, atakuwa nasi saa saba na nusu. Naomba sehemu ya hesabu tuifanye saa nane mchana. Kabla sijaendelea, uko wapi sasa, na unatakiwa kurudi leo?"

Angalia kwamba sababu imetajwa mara moja, kwa ufupi, na ni ya kweli. Hakuna haja ya kueleza homa ilianza saa ngapi. Na usimtungie foleni. Dar es Salaam foleni ni sababu inayoeleweka, kwa Dodoma mteja atacheka tu. "Nipo njiani" ukiwa bado unatafuta viatu nayo iache, maana mji huu ni mdogo na anaweza kuwa amepaki nje ya geti lako.

Baada ya simu, andika. Hapa saa zetu zina mtego wake: kalenda ya simu itaandika 14:00, nyinyi mmesema saa nane, na kijana wa ofisini kwa mteja ataandika 8:00 na kumleta mzee asubuhi. Kwa hiyo andika zote mbili:

"Mzee, nathibitisha: leo Jumanne, saa 8:00 mchana (14:00), ofisini kwetu Kisasa. Makadirio ya bei nakutumia kabla ya saa 3:30 asubuhi uyapitie ukipumzika. Asante kwa kutuelewa."

Kama mliwekeana mwaliko wa kalenda, ufungue uleule ubadilishe saa. Ukiufuta na kutengeneza mpya, mteja anapokea kwanza taarifa kwamba kikao kimefutwa, na pengine haendelei kusoma.

### Turudi kwa mzee wa Singida

Saa 1:00 asubuhi unampigia. Yuko Manyoni, karibu nusu ya njia, anakunywa chai. Kuhamishia siku nyingine kumeshatoka, maana ni kumrudisha mtu aliyekwisha kuja. Mtandaoni nako kumetoka. Zimebaki mbili, na anasema lazima awe ameondoka Dodoma saa 9:00 alasiri.

Hapo si lazima uchague moja. Kikao kinagawanyika palepale orodha yako ya mambo yaliyokosekana ilipogawanyika. Saa 4:30, badala ya saa nne, ili apumue, anakaa na wewe na mwenzako anayesimamia ufungaji. Mnamaliza bei na awamu za malipo. Saa 6:00 anapelekwa kuona mtambo wa aina hiyohiyo mlioufunga kwa mteja mwingine hapa mjini, kama mwenye nao ameruhusu, halafu chakula. Saa 7:30 mhandisi anaingia na majibu mawili tu. Mnamaliza kabla ya saa 8:30. Ulikuwa na hamu ya kumwambia saa nane, sivyo? Saa ya kuondoka kwake imekukatalia, kwa hiyo unampigia mhandisi tena kabla ya kuahidi, na kama hana uhakika na saa saba na nusu, majibu yake yanakuja kwa maandishi jioni na kikao kinaishia kwenye chakula.

Badilisha kitu kimoja tu. Unampigia saa 12:50 na yuko nyumbani bado, anafunga kamba za viatu. Sasa mwambie abaki, mpe Alhamisi au Jumatatu, na leo saa 10:00 jioni mhandisi ampigie dakika kumi kuhusu umeme wa kiwanda, ili fundi wake wa Singida apate muda wa kupima laini kabla hamjakutana. Kuahirisha kumegeuka hatua ya kazi, na siku ya kikao itakuwa na majibu ambayo leo yasingekuwepo.

### Ukiwa na haraka, tazama hapa

Mteja yuko njiani au ameshafika mjini: sogeza saa, au gawa kikao. Ila muulize saa yake ya kurudi kabla hujataja yako.

Mteja hajaondoka, na ulichokosa hakipatikani leo: badilisha siku, kwa tarehe mbili, na kipande kimoja cha kazi kifanyike leoleo.

Anayekosekana ni wewe mwenyewe na si hesabu, na mteja anamjua mwenzako: mtume mwenzako na ile karatasi ya mistari mitatu. Kama mteja ni mpya au ana lalamiko, usimtume mtu, hata ikibidi kusubiri siku mbili.

Mambo mengi mmeshakubaliana, na mteja yuko ofisini kwake penye mtandao: mtandaoni, dakika 30, karatasi zimetangulia.

Ni kikao na wizara wakati wa Bunge la bajeti: ing'ang'anie nafasi ya leo kwa njia yoyote kati ya hizi, hata kama ni dakika 20 na nusu ya watu uliotaka wawepo.

Umeshamwahirisha mara moja mwezi huu: usiombe muda mwingine. Nenda na ulicho nacho, mwambie mapema kinachopungua na saa utakayokileta.